Barua Imefunguliwa na Nani?

Ripoti ya Jumatatu asubuhi huwa na namba moja inayopendwa kuliko zote. Ofisa mauzo ametuma barua pepe 300 wiki iliyopita, programu ya kutumia barua imemfanyia hesabu, na juu kabisa ya dashibodi, kwa tarakimu kubwa, pameandikwa kwamba asilimia 65 zimefunguliwa. Bosi anatabasamu. Watu karibu 190 wamesoma habari zetu! Kilichobaki ni kungoja simu zilie, na simu hazilii.

Hapo huanza kutafutwa mchawi. Bei iko juu, msimu mbaya, mwandishi wa barua hajui kushawishi, wateja siku hizi hawaeleweki. Ni nadra mtu kuishuku ile asilimia 65 yenyewe, ilhali ndiyo ya kwanza kushukiwa. Programu iliyoitoa haikumwona mtu yeyote akisoma chochote. Ilichokiona ni kompyuta, mahali fulani duniani, ikipakua kipicha kidogo.

Waliozoea WhatsApp hudhani barua pepe nayo ina tiki zake za bluu mahali fulani. Haina. Tiki ya bluu inatumwa na programu iliyomo kwenye simu ya mpokeaji, na mtumaji na mpokeaji wote wanatumia mtandao wa kampuni ileile, kwa hiyo mmoja akifungua ujumbe, mwenzake anaarifiwa. Barua pepe ni kitu cha zamani kuliko hapo na kilijengwa kwa namna nyingine. Seva ya mtumaji inaikabidhi barua kwa seva ya mpokeaji, inaambiwa imepokelewa, na habari zinakatikia hapo. Kama mpokeaji aliisoma mara tatu, au aliifuta bila kuitazama, au iko kwenye folda ya barua taka ikisubiri kufutwa, mtumaji haletewi taarifa.

Watu wa masoko wakabuni ujanja. Mwishoni mwa barua huwekwa picha ya ukubwa wa nukta moja, isiyo na rangi, ambayo jicho haliwezi kuiona. Picha hiyo haimo ndani ya barua. Iko kwenye seva ya mtumaji, na ndani ya barua kuna anwani yake tu. Kila mpokeaji anapewa anwani yenye namba yake peke yake, kama hivi:

```
<img src="https://example.com/o.gif?id=a7f31" width="1" height="1" alt="">
```

Programu ya mpokeaji ikitaka kuionyesha barua, inakwenda kuichukua picha. Seva inaona kwamba a7f31 ameombewa picha yake, inaandika saa, na kwenye dashibodi jina la mtu huyo linapata alama ya “amefungua”. Huo ndio ushahidi wote uliopo. Kwa miaka mingi ulitosha kwa makadirio, kwa sababu picha ilipakuliwa na programu ileile iliyokuwa mbele ya macho ya mtu, wakati uleule alipoifungua barua.

Hali hiyo ilianza kubadilika Desemba 2013, Google ilipoanza kupitisha picha zote za Gmail kwenye seva zake yenyewe. Mtumaji akapoteza uwezo wa kujua mpokeaji yuko mji gani na anatumia kifaa gani, ingawa bado aliweza kuhesabu ufunguzi wa kwanza. Pigo kubwa lilikuja Septemba 2021 pamoja na iOS 15. Apple waliweka katika programu yao ya barua, ile inayoitwa Mail, kinga yenye jina “Protect Mail Activity”. Mwenye simu akiikubali, na swali huulizwa waziwazi kwenye kioo, Apple wanapakua picha za barua zake kimyakimya kupitia seva za kati, awe ameifungua barua au hajaigusa. Kwa mtumaji, mtu huyo anaonekana amefungua. Anaweza kuwa amelala.

Jambo moja linawachanganya hata wataalamu. Kinga hiyo inafuata programu, haifuati anwani. Mtu mwenye anwani ya Gmail anayeisoma kwenye Mail ya iPhone anaingia ndani ya kinga. Mwenye iPhone anayetumia programu ya Gmail hayumo. Kwa hiyo huwezi kuichuja orodha ya wateja kwa kutazama kilichoandikwa baada ya alama ya @.

Tena kuna walinzi. Kampuni nyingi, hasa za Ulaya na Marekani, hupitisha barua zote zinazoingia kwenye mitambo ya usalama, kama ile ya Microsoft, Proofpoint, Mimecast au Barracuda. Mitambo hiyo inaweza kufungua picha na kufuata viungo vilivyomo ili ijue kama kuna mtego. Dalili yake huonekana ukitazama saa: barua imetumwa saa nne na dakika mbili, imefunguliwa sekunde chache baadaye, na viungo vyake vyote vinne vimebonyezwa kwa mpigo, kikiwemo kile cha kujiondoa kwenye orodha. Hakuna binadamu asomaye namna hiyo. Hii ndiyo sababu kuhesabu mibonyezo badala ya ufunguzi, ushauri unaotolewa sana, hakuokoi jahazi.

Kosa huenda upande wa pili pia. Outlook ya kwenye kompyuta, kwa kawaida, huzuia picha za kutoka nje mpaka mtu aziruhusu. Anayesoma barua yako yote, neno kwa neno, bila kubonyeza ruhusa hiyo anahesabiwa kuwa hajafungua. Gmail nayo hukata barua ndefu, inayozidi takriban kilobaiti 102, na kipicha kikiwa chini ya mkato hakipakuliwi. Kwa hiyo ile asilimia 65 ina watu wasiofungua waliohesabiwa, na imewaacha watu waliofungua. Laiti makosa hayo mawili yangekuwa yanafutana, lakini hakuna sababu yoyote ya yafutane, na uwiano wake hubadilika kutoka orodha hadi orodha.

Mwenye shaka anaweza kujipima mwenyewe. Njia ya kwanza ni kujitumia barua kwenye iPhone yenye kinga hiyo na kuacha kuifungua, kisha kesho yake kutazama dashibodi inasema nini. Njia ya pili inapendeza zaidi kwa sababu inatumia kumbukumbu za kampuni yenyewe: chukua watu wote waliokujibu miezi michache iliyopita, uwatafute kwenye safu ya waliofungua. Karibu kila mara watapatikana wachache walioijibu barua ambayo, kwa mujibu wa programu, hawajaifungua.

Namba isiyo sahihi ikikaa kwenye ripoti bila kufanya kazi yoyote, haimdhuru mtu. Madhara yanaanza inapopewa maamuzi. Programu nyingi za kutumia barua huruhusu amri kama “asiyefungua atumiwe tena baada ya siku tatu”. Matokeo yake, mteja wa Outlook aliyesoma na kutafakari anarudishiwa barua ileile kana kwamba ni kiziwi, na mteja wa iPhone ambaye hakuiona kabisa harudishiwi. Wengine husafisha orodha kwa kuwafuta wasiofungua kwa miezi sita. Wanafuta wasomaji na kubaki na simu. Na kuna ofisa mauzo anayeinua simu na kusema, “Nimeona umefungua barua yangu jana usiku.” Mtu aliyeambiwa hivyo huwa na maneno mawili ya kuchagua: kwamba hakuifungua, au kwamba hapendi kuchunguzwa. Mwaka 2019 kampuni ya Superhuman ya San Francisco, inayouza programu ya barua pepe, ilishambuliwa vikali mtandaoni ilipogundulika kwamba wateja wake waliweza kuona si tu kama barua imefunguliwa bali hata mahali aliko mfunguaji. Ndani ya siku chache iliondoa habari za mahali.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya kuchagua barua mbaya na kuiacha nzuri, kwa sababu hiyo hurudiwa kila wiki bila kelele. Tuchukue mfano wa kubuni, tuupeleke mahali ambapo kazi hii inafanyika kweli: kampuni ya utalii ya Arusha inayotafuta mawakala wa safari wa Marekani ili wawaletee wageni. Ni mwishoni mwa Oktoba. Kuna mahema yaliyobaki Ndutu kwa mwezi Februari, wakati nyumbu wanazaa kwenye nyanda za kusini mwa Serengeti, na mahema hayo yasipopata wageni ni hasara. Ofisa mauzo anaandika barua mbili za Kiingereza na kuzituma kwa mawakala 300 kila moja.

Barua A ina kichwa kinachomaanisha “Re: safari yenu ya Agosti”. Hakuna safari ya Agosti. Hiyo “Re:” imebandikwa ili mpokeaji adhani ni mazungumzo yanayoendelea. Barua B inasema kilichomo: “Ndutu, Februari: mahema 4 yamebaki”. Ndani yake kuna tarehe, bei ya wakala, na swali moja: je, mna wageni wanaotaka kuona nyumbu wakizaa?

Zikarudi 12 za A na 9 za B, zenye msimbo `550 5.1.1`, maana yake anwani haipo. Zilizofika ni 288 na 291. Dashibodi ikaonyesha A imefunguliwa na watu 187, asilimia 65. B na 148, asilimia 51. Waliojibu A ni 14, waliojibu B ni 13. Kwa meneja mwenye haraka shauri limekwisha: A imeshinda kwa kufunguliwa na imeshinda kwa kujibiwa, wiki ijayo tutume A kwa mawakala 3,000.

Sasa majibu yenyewe yakasomwa moja moja. Kazi hiyo ilichukua muda wa kunywa chai.

Kati ya majibu 14 ya A, matano hayakuandikwa na mtu. Ni yale ya “niko likizo hadi tarehe 4”, yanayojituma yenyewe. Programu nzuri huyatambua kwa mstari uliofichika kwenye barua, `Auto-Submitted: auto-replied`, na kuyatoa; nyingine huyahesabu kama majibu halali, na mwenye programu hajui. Sita yalikuwa ya watu wanaotaka waondolewe kwenye orodha, mawili kati ya hayo yakiwa na hasira, mmoja akiuliza safari ya Agosti ni ipi hasa. Mawili yalisema si wakati huu. Jibu moja tu lilikubali kuzungumza.

Majibu 13 ya B yalikuwa na manne ya kujituma yenyewe na moja la kuomba kuondolewa. Mawili yalisema, “Mimi sishughuliki na Afrika Mashariki, mwandikie mwenzangu,” yakiwa na jina la huyo mwenzangu. Mawili yalisema si sasa, na mmoja wao akaeleza kwamba wao hupanga bidhaa za mwaka mpya kila Septemba. Manne yalikubali mkutano wa video.

Tukiwaondoa mashine na wenye kuomba kuondolewa, A imepata watu 3 wa kuendelea nao, B imepata 8. Kumbe hata idadi ya majibu, namba ambayo watu hukimbilia wakishaambiwa ufunguzi haufai, ilikuwa inadanganya. Jibu lina ubora mmoja ambao kipicha hakina: lazima mtu aguse kibodi. Lakini mtu anaweza kugusa kibodi ili akutukane. Kwa hiyo kinachostahili kuandikwa kwenye ripoti ni majibu yaliyokwisha kupangwa kwa mafungu, na si lazima mafungu yawe mengi: ya mashine, “niondoeni”, “si sasa”, “mwandikie fulani”, na “tuzungumze”. Kampuni inayopata majibu 30 kwa mwezi haihitaji programu ya kuyapanga. Inahitaji mtu mmoja anayeyasoma yote.

Yale sita ya “niondoeni” nayo yana habari. Hao ni wastaarabu, walioandika. Wasio na subira hubonyeza kitufe cha kuripoti barua taka na mtumaji haambiwi ni nani. Tangu Februari 2024 Google wamekuwa wakisimamia masharti mapya kwa wanaotuma barua kwenye Gmail: malalamiko yasifike asilimia 0.3, na wanashauri yabaki chini ya 0.1. Asilimia 0.3 ni watu watatu katika elfu. Kwa anayetuma barua 300 kwa watumiaji wa Gmail, lalamiko moja tu limeshavuka mstari. “Re:” ya uongo inaomba malalamiko hayo kwa mikono miwili, na kwa Marekani ni kosa pia, kwa kuwa sheria yao ya barua za biashara ya mwaka 2003, CAN-SPAM, inakataza kichwa cha barua kinachopotosha. (Anayefikiria mawakala wa Ujerumani ajue kwamba huko hata kumtumia mfanyabiashara tangazo kwa barua pepe kunahitaji ridhaa yake kwanza. Hakuna kichwa cha barua kinachotibu hilo.)

Ndipo inakuja namba ya mikutano. Mkutano uliowekwa kwenye kalenda ni kipimo kikali kuliko jibu, kwa sababu mtu mwenye shughuli zake anatoa nusu saa, na nusu saa ya mtu wa biashara ni ghali kuliko sentensi moja. Kwa A umewekwa mmoja, kwa B minne. Uliofanyika wa A haukuwepo: wakala alighairi asubuhi ya siku yenyewe. Ya B iliyofanyika ni mitatu.

Ule wa nne wa B unastahili kuelezwa, kwani unaonyesha kwa nini “uliowekwa” na “uliofanyika” ni safu mbili tofauti. Mwishoni mwa Oktoba, saa nne asubuhi ya New York ni saa kumi na moja jioni ya Arusha. Ofisa mauzo aliandika saa hiyo kwenye daftari lake. Lakini mkutano ulipangwa kufanyika wiki ya pili ya Novemba, na Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma. Afrika Mashariki haigusi saa. Tofauti ikawa saa nane badala ya saba. Ofisa aliingia kwenye mkutano saa kumi na moja, akakaa peke yake nusu saa, akaandika “hakutokea” na kufunga kompyuta. Wakala aliingia saa nne kamili ya kwao, ambayo Arusha ilikuwa saa kumi na mbili, naye hakukuta mtu. Kila mmoja akamwona mwenzake si makini. Mwaliko wa kalenda, unaojigeuza wenyewe kwa saa za kila mtu, ungezuia hayo yote.

Mtu anayepima mikutano iliyofanyika ataligundua kosa kama hilo, kwa sababu pengo kati ya minne na mitatu linauliza swali. Anayepima ufunguzi hataligundua kamwe. Na hapa ndipo ilipo faida halisi ya kupima hatua za mbele: kila pengo lina mahali pake na pengine dawa yake. Barua nyingi zikirudi, orodha ni mbovu. Zikifika na wasijibu, ama zimeangukia kwenye barua taka, ama walioandikiwa sio, ama kilichomo hakiwahusu. Wakijibu kwa kukataa, ofa ndiyo ya kutazamwa. Wakikubali na wasitokee, tatizo liko kwenye kalenda au kwenye siku nyingi mno kati ya jibu na mkutano.

Katika mikutano mitatu ya B, mawakala wawili waliomba bei kwa maandishi na mmoja wao akaleta wageni wanne, mahema mawili. Mtu angeweza kusema basi kipimo halisi ni fedha, mengine yote ya nini? Fedha ndiyo kipimo cha mwisho kweli, ila huchelewa. Wakala anayezungumza nawe Novemba huenda akaleta wageni wake wa kwanza mwaka mmoja na nusu baadaye. Huwezi kungoja hadi hapo ndipo uamue Jumatatu ijayo utume barua ipi. Mikutano iliyofanyika iko katikati: imekaribia fedha kiasi cha kuaminika, na inapatikana mapema kiasi cha kutumika.

Lakini nayo ina udhaifu wake, na udhaifu huo ni udogo wa namba. Minne dhidi ya mmoja inaonekana ushindi wa wazi. Rusha sarafu mara tano. Nafasi ya upande mmoja kutokea mara nne au zote tano ni 12 kati ya 32, zaidi ya theluthi moja. Yaani hata kama barua mbili zingekuwa sawa kabisa, jumla ya mikutano mitano ingegawanyika kwa minne na mmoja, au kwa upande mmoja kuchukua yote, zaidi ya mara moja katika kila majaribio matatu. Hapo ndipo kipimo cha kufunguliwa kinapomvuta mtu arudi kwake: kina mamia, grafu yake inapanda na kushuka vizuri, kinajibu siku ileile. Mikutano ni michache na hailingani wiki kwa wiki.

Namna ya kukaa na udogo huo ni kuongeza mambo mawili. La kwanza ni muda: usihukumu barua kwa wiki, uhukumu kwa robo mwaka, ukijumlisha mizunguko yote ya barua ya aina moja. La pili ni kusoma namba kwa pamoja badala ya kuchagua moja. Mikutano 4 kwa 1 peke yake ni dhaifu. Ikiambatana na majibu ya maana 8 kwa 3, na maombi ya kuondolewa 1 kwa 6, yote yakielekeza upande mmoja, na sababu yake inaeleweka ukisoma barua zenyewe, kampuni ya Arusha ina msingi wa kuiacha A bila kungoja. Haina msingi wa kutangaza kwamba B ni bora mara nne.

Kuna hesabu nyingine inayoharibu mambo hata kwa watu waangalifu, nayo ni ya kugawanya. Barua ya kwanza isipojibiwa, wengi hutuma ya pili na ya tatu kwa mtu yuleyule. Mawakala 300 wakiandikiwa mara tatu, barua ni 900. Mikutano minne kwa barua 900 inaonekana kuwa kazi bure. Minne kwa mawakala 300 ni jambo jingine. Kwa kuwa anayenunua ni wakala na si barua, kigawanyo kiwe idadi ya mawakala waliofikiwa, na kibaki hivyohivyo mwezi hadi mwezi. Anayebadilisha kigawanyo katikati ya mwaka anaweza kujionyesha chochote anachotaka.

Je, kipicha kiondolewe kabisa? Wapo waliokiondoa kwenye barua wanazowaandikia watu wasiowafahamu, kwa hoja kwamba barua fupi yenye maandishi matupu hufanana na barua ya mtu kwa mtu. Wanaokibakiza wana matumizi moja ya maana: ukitazama kikundi kilekile kwa muda mrefu, tuseme wenye anwani za Gmail tu, na ufunguzi wao ukaporomoka ghafla kutoka ulikozoea karibu na sifuri, huenda barua zako zimeanza kwenda kwenye barua taka. Hata hapo ni king'ora tu. Google wenyewe wanasema hawafuatilii kiwango cha kufunguliwa, hawawezi kuthibitisha usahihi wa namba zinazotolewa na programu za wengine, na kwamba kiwango cha chini si lazima kiwe ishara ya barua kuhukumiwa kuwa taka. Wanaotuma barua nyingi wanaweza kutazama malalamiko kwenye Postmaster Tools ya Google. Anayetuma mia chache kwa wiki mara nyingi hataona kitu huko kwa sababu idadi haitoshi, na itambidi ajitumie barua kwenye anwani zake mbili tatu na kutazama zimeangukia folda gani.

Ripoti ya Jumatatu ya kampuni yetu ya Arusha, ikishasafishwa, inaingia kwenye karatasi moja yenye safu chache: mawakala waliofikiwa, majibu ya watu kwa mafungu yake, mikutano iliyowekwa, iliyofanyika, bei zilizoombwa. Haina grafu na haipandishi moyo kama asilimia 65. Chini yake kuna majina matatu yenye kazi ya kufanyiwa wiki hiyo. Wawili ni wale waliotajwa na wenzao kuwa ndio wanaoshughulika na Afrika Mashariki. Wataandikiwa Jumanne, jina la aliyewaelekeza likiwa kwenye mstari wa kwanza. Wa tatu ni wakala wa New York, ambaye bado hajaombwa radhi kwa ile saa moja.